Mafuta ya nazi: toa chupa kwenye ubao wa picha kabla hujamwona mbunifu

> "Nakamua mafuta ya nazi hapa Tanga, naanza kuyauza kwa jina langu. Nataka nitengeneze picha za chupa na lebo kwa akili mnemba, nichague nzuri, nimpe mbunifu amalizie. Programu ipi nzuri, na picha ngapi zinatosha?"

Dada, usitengeneze picha ya chupa hata moja. Wala lebo, wala nembo. Hapo ndipo hela za watu zinapoishia, na inaniuma kuona mwingine anaelekezwa huko huko na wauza kozi wa mitandaoni. Wanafundisha kubonyeza tu. Lebo ikigoma kwenye mashine ya uchapaji, hawapo.

Ukishaiona chupa iliyokamilika, umeshaipenda, na kuanzia hapo mbunifu anabaki wa kunakili. Tatizo ni kwamba anachonakili hakipo. Umbo la chupa limebuniwa na programu, wakati wewe utanunua chupa za plastiki zilizopo dukani. Umbo la peke yako linataka kalibu yake, na kalibu haitengenezwi kwa oda ya chupa mia mbili. Picha yenyewe haifai kuchapwa: ya pikseli 1024 kwa 1024, ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi, inatoka na upana wa sentimita 8.7 hivi, na chupa yenye kipenyo cha sentimita 6 ina mzunguko wa karibu 19. Ile feruzi inayong'aa kwenye simu nayo ikifika kwenye wino inafifia, kwa sababu wino nne za uchapaji haziwezi kutoa kila rangi ambayo kioo kinatoa kwa mwanga.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Ukiandika "mafuta ya nazi", mara nyingi utaletewa kitu cha dhahabu kama alizeti. Yaliyokamuliwa bila moto ni maangavu kama maji, na chini ya nyuzi joto 24 hivi yanaganda na kuwa meupe. Tanga mjini yatakuwa maji karibu muda wote. Yapeleke Lushoto mwezi wa saba, chupa nzima ni nyeupe, na zile herufi nyeupe ulizochapa kwenye stika angavu hazisomeki tena. Picha ya dhahabu haikukuonya, kwa hiyo unachapa stika mara mbili.

Ubao wa picha, yaani mkusanyiko wa picha unaompa mbunifu ili aelewe unachotaka, kazi yake ni kuamua mambo matatu tu: rangi, mwanga na umbile la vitu. Tengeneza picha za vitu vinavyoizunguka kazi yako. Makumbi yaliyokauka, kifuu kilichovunjika, machicha kwenye kifumbu, meno ya mbuzi, pindo la kanga, ukuta wa chokaa uliochakaa. Programu haijui mbuzi wa kukunia wala kifumbu. Ukiandika mbuzi utaletewa mnyama. Eleza kwa umbo na malighafi: kigoda kifupi cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno, mfuko mrefu uliosukwa kwa ukindu.

Kwa programu ya picha ya Midjourney andika hivi:

```
dry coconut husk fibres on worn grey cement, close-up, low morning side light, muted colours --ar 4:5 --no bottle, label, text
```

Neno la kukataza likae baada ya `--no`. Ukiandika "no bottle" katikati ya maelezo, programu inaweza kulishika neno chupa na kukuletea chupa.

Tengeneza mielekeo mitatu, picha sita kila mmoja. Ndani ya mwelekeo mmoja, maneno ya mwanga na rangi usiyaguse; badilisha kitu kilichomo kwenye picha tu. Ukibadilisha vyote kwa pamoja, ukipenda picha hutajua umependa nini. Kisha chini ya kila picha andika sababu moja, kwa mfano "kahawia hii ya kumbi, si ya chokoleti" au "mwanga wa pembeni, vivuli virefu". Picha isiyo na sababu itoke, hata kama ni nzuri kuliko zote. Sentensi hizo ndizo mbunifu atakazofanyia kazi, maana "naitaka ivutie" haimwambii kitu.

Mwelekeo ukishabaki mmoja, usimtumie mbunifu kwa simu kwanza. Uchapishe kwa mchapaji yule yule atakayetoa stika, kwenye karatasi ile ile ya stika, utoke nao nje juani saa sita. Weka pembeni chupa tupu, chupa yenye mafuta maji, na nyingine uliyoigandisha kwenye friji. Rangi inayopotea mbele ya mojawapo, ibadilishe hapo hapo, mbunifu akiwa bado hajachora hata mstari.