Picha ya macho yaliyotoka na shingo iliyovimba: daktari aona nini?

*Asalam aleikum daktari. Nakutumia picha mbili za mdogo wangu, ana miaka 28, yuko Kisauni. Macho yamemtoka kama aliyeshtuka na shingoni kuna uvimbe. Amekonda ingawa anakula kuliko sisi sote. Majirani wasema anatafuna muguka kwa siri, mama asema ni joto tu. Yawezekana kujua kwa picha kama ni tezi ya shingo?*

Waaleikum salaam dada. Picha haiwezi kunipa jina la ugonjwa, lakini hizi zako zatosha kumpeleka kupima damu wiki hii.

Nilianza na kope za juu. Mtu akitazama mbele ametulia, kope la juu hufunika kidogo ukingo wa juu wa duara jeusi la jicho, milimita 1 au 2 hivi. Kwa mdogo wako kope limepanda, na juu ya duara kuna mstari mweupe, macho yote mawili. Huo ndio unaompa sura ya mtu aliyeshtuka. Picha ya pili, ile uliyosema alipigwa miaka minne iliyopita kwa ajili ya kitambulisho, kope limekaa mahali pake. Bila hiyo ya zamani ningesita, maana kuna koo ambazo macho makubwa ni urithi wao tu.

Hata hivyo ile mpya amejipiga mwenyewe, simu iko karibu na uso, na ana wanja. Simu ikikaribia hukuza macho na pua, na wanja huzidisha. Mpige tena wewe: simama hatua mbili mbele yake, simu iwe usawa wa macho yake, naye asicheke wala asikodoe. Kisha mpige kwa upande, tuone kama jicho lenyewe limesogea mbele. Kope kupanda kwaweza kuletwa na homoni nyingi za tezi peke yake. Jicho likisukumwa mbele, mara nyingi ni ugonjwa wa Gravesi: kinga ya mwili huichochea tezi itoe homoni kupita kiasi, na pia huvimbisha misuli na mafuta nyuma ya jicho. Tundu la jicho ni mfupa, uvimbe hauna pa kwenda ila mbele.

Shingo nayo nirekodie video fupi akimeza maji. Tezi imeshikana na koo, kwa hiyo uvimbe wake hupanda anapomeza kisha hushuka. Uvimbe usiosogea huenda ukawa kitu kingine.

Sasa muguka. Kweli hukodoa macho, huondoa usingizi na kuupeleka moyo mbio, kwa hiyo majirani hawakukosea sana. Lakini muguka huua njaa, na wewe wasema anakula kuliko nyote. Anayekonda huku sahani inarudi tupu, hapo nawaza tezi. Tena muguka hauvimbishi shingo. Kuhusu joto la mama: Mombasa wakati wa kaskazi sote twatoka jasho, ila muulize kama usiku anatupa shuka wenzake wakijifunika.

Kesho alfajiri, kabla hajainuka kitandani, mhesabie mapigo ya mkono kwa dakika nzima. Zaidi ya 100 akiwa amelala ni mengi. Halafu anyooshe mikono, umwekee karatasi juu ya vidole; ikitetemeka, niandikie.

Maabara aombe TSH na T4 huru. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, TSH huwa chini sana na T4, homoni ya tezi yenyewe, huwa juu, jambo linalowachanganya wengi kwa sababu TSH ni amri ya ubongo kwa tezi, na ubongo ukiona homoni zimejaa huacha kuamuru. Kama anameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, aviache siku tatu kabla, kwani vyaweza kuonyesha tezi inakimbia na kumbe haikimbii. Majibu yakiwa sawa lakini macho yamesogea kweli, bado aonwe na daktari wa macho, kwa kuwa macho huweza kutangulia tezi.

Msimwongezee aidini eti kwa sababu uvimbe wa shingoni ni rovu. Tezi inayozalisha kupita kiasi yaweza kuitumia kuzalisha zaidi. Chumvi ya kawaida ya jikoni, ijapokuwa ina aidini, haina neno.

Kama anavuta sigara au shisha aache, moshi huyaharibu macho haya zaidi. Na akianza kuona vitu viwili viwili, rangi nyekundu ikififia, jicho likiuma au akilala lisifunge, msingoje majibu ya damu. Mpelekeni kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Akipata homa kali, mapigo yakikimbia mno na akaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni ya dharura hospitali, hata saa nane za usiku.