Buluu-kijani, kanari au seva moja moja?

"Nauza tiketi za basi Mombasa–Malindi, kama 200 kwa siku, malipo ni M-Pesa. Nitoe toleo jipya la mfumo wangu kwa njia gani?"

Kaka, buluu-kijani: toleo la zamani, buluu, libaki likiendesha kazi huku la jipya, kijani, likiandaliwa kando, kisha uhamishie wateja wote kwa mara moja. Kanari, yaani kuwapa toleo jipya wateja wachache kwanza, ikiwa ya asilimia 5 itakupa malipo 10 tu kwa siku; hitilafu inayompata mteja mmoja kwa mia huenda usiione. Kubadilisha seva moja moja ni rahisi, ila kurudi nyuma huchelewa, na huku wateja wanalipa.

Hatari yako ni hifadhidata, kwani buluu na kijani huitumia ileile. Ongeza safuwima mpya kwanza. Ya zamani usiifute hadi uhakikishe hutarudi buluu. Pia, mteja akianza kulipa kupitia buluu, jibu la M-Pesa laweza kufikia kijani. Kwa hivyo hifadhi kila ombi kwenye hifadhidata, si kwenye kumbukumbu ya seva.