Kipimajoto changu hakikuwa kibovu: kashata za Mbeya na kashata za Tanga

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja wa Njombe anayetengeneza kashata za nazi kwa ajili ya kuuza. "Dada," aliandika, "nimenunua kipimajoto cha sukari, nimekitia kwenye maji yanayochemka kabisa kinasoma 93. Muuzaji amekataa kunirudishia hela. Naomba uniangalizie kingine huko Mbeya, lakini kiwe kizima."

Nilikaa na ujumbe huo siku nzima kabla ya kumjibu. Maneno hayo hayo niliwahi kumwambia muuzaji wangu, tena kwa sauti ya juu, mbele ya wateja wake. Kosa lililotokana na maneno yale lilinitoa machozi mbele ya ukoo wangu. Kwa hiyo namjibu hapa, na wengine mnaopika sukari nyanda za juu msikie.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Mama yangu hakuwahi kugusa kipimajoto maishani mwake. Alikuwa na bakuli la maji baridi pembeni ya jiko. Shira ikianza kutoa mapovu mazito yanayopasuka polepole, alichota kwa ncha ya mwiko, akadondosha kwenye yale maji, kisha akaikusanya kwa vidole. Ikitawanyika kama uzi, bado. Ikikusanyika kidonge laini ambacho ukikitoa majini kinalala kwenye kidole kama kimechoka, anaepua papo hapo. Kikiwa kidonge kigumu chenye kusimama, alisema imeshapita, hiyo itakuwa ya kuvunja meno. Na ile inayokatika kwa mlio ndani ya maji ilikuwa ya kashata za karanga.

Nilipohamia Mbeya na kuanza kuuza, nilitaka kazi yangu iwe sawa kila siku, ndiyo nikanunua kipimajoto. Mapishi niliyokuwa nayo yalisema kashata laini za nazi ziepuliwe kwenye digrii 116. Nikafuata. Sukari kilo moja, maji chini kidogo ya nusu lita, nazi iliyokunwa na kukaushwa kwa moto mdogo, iliki. Kipimajoto kikafika 116, nikaepua, nikamimina nazi, nikakoroga. Kabla sijamaliza kukoroga mchanganyiko ulikuwa umeshashika sufuria. Nilipojaribu kukata, kashata zilimeguka chengachenga, kavu kabisa, hazina hata ule unyevu wa nazi mdomoni. Nikarudia mara tatu. Kilo tatu za sukari na nazi zake zikaenda.

Hapo ndipo nilipokitia kipimajoto kwenye maji yanayochemka. Kikasoma 94. Shuleni tumefundishwa maji yanachemka kwenye 100, basi nikahitimisha kwamba kipimajoto kinadanganya kwa digrii sita. Nikarudi dukani nikagombana, nikapewa kingine. Nacho 94. Nikaona duka zima limeletewa mzigo mbovu. Mwisho nikakata kipande cha plasta, nikakibandika kwenye mpini wa kipimajoto, nikaandika kwa kalamu: ONGEZA 6. Kuanzia siku hiyo, kikisoma 110 mimi nahesabu 116 na ninaepua.

Kashata zikatoka nzuri ajabu! Laini, zinakatika kwa kisu bila kumeguka, zinakaa wiki bila kukauka. Kwa miaka miwili niliuza kwenye sendofu, kwenye maulidi, kwenye maofisi. Sioni haya kusema kwamba watu walikuwa wanatoka Tukuyu kuja kuchukua. Nilijiona nimeshafika.

Kisha mtoto wa dada yangu akaolewa Tanga, nikaomba kazi ya kashata niifanye mimi. Nilisafiri na kipimajoto changu, na plasta yake. Nikapika jikoni kwa shangazi, sufuria tatu, zote nikaepua kikisoma 110. Nikamimina kwenye masinia, nikatandaza, nikasubiri zigande. Saa moja, saa mbili. Nikiinamisha sinia, shira inatiririka kuelekea pembeni, nazi inabaki katikati kama kisiwa. Shangazi alikuja, akagusa kwa kidole, akakilamba. Akaniambia taratibu tu, "Mwanangu, huko bara umesahau hata kupika?" Jikoni walikuwepo wanawake kama kumi. Hakusema kwa ubaya, lakini sentensi ile bado ninayo.

Usiku ule, watu wamelala, nilichemsha maji nikakitia kipimajoto. Kikapanda, kikapanda, kikasimama kwenye 100.

Kipimajoto hakikuwahi kudanganya, si cha kwanza wala cha pili. Maji ya Mbeya yanachemka kweli kwenye 94. Kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, hewa inakuwa nyepesi na haiyakandamizi maji kwa nguvu ile ile, kwa hiyo yanachemka mapema. Kwa makadirio ya jikoni, kila mita 300 za mwinuko zinapunguza kama digrii moja. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, Njombe iko juu zaidi, Tanga iko baharini. Na shira ni maji yenye sukari, nayo inashuka pamoja na maji.

Tunapopika shira, tunachokitafuta hasa si joto. Tunatafuta kiasi cha maji kilichobaki. Maji yakitoka kama mvuke, sukari inazidi, na shira yenye sukari nyingi inahitaji joto kubwa zaidi ili ichemke. Ndiyo maana namba inapanda, na ndiyo maana namba inaweza kukuambia sukari imefikia wapi. Kidonge laini ni shira ambayo takriban asilimia 85 yake ni sukari. Kwa kilo moja ya sukari, maji yaliyobaki ni kama gramu 175. Ukifika kwenye kidonge kigumu, maji hayo yamebaki kama nusu tu. Tanga kidonge laini kinatokea kati ya 112 na 116. Mbeya kinatokea kati ya 106 na 110. Mimi siku zile za mwanzo nilipoisubiri 116 ya Mbeya, nilikuwa nimepika shira ambayo Tanga ingesoma 122, tayari iko kwenye kidonge kigumu. Na Tanga nilipoepua kwenye 110, shira ilikuwa bado kwenye uzi, ina maji tele. Plasta yangu ilikuwa sahihi kwa Mbeya kwa sababu ambayo sikuijua, na ikawa uongo mara tu niliposhuka kwenye basi.

Kwa hiyo achaneni na namba zilizoandikwa kwenye mapishi kama zilivyo. Chemsha maji kwanza, hapo hapo unapopikia, na kipimajoto hicho hicho. Namba utakayoipata ndiyo mwanzo wako. Kidonge laini ni digrii 12 hadi 16 juu ya hapo. Kidonge kigumu kinaanza kama 21 juu. Ile ya kukatika kwa mlio, ya kashata za karanga, ni 46 hadi 54 juu. Uzuri wa njia hii ni kwamba hata kama kipimajoto chenyewe kina kosa la digrii moja au mbili, kosa hilo linajifuta lenyewe, maana umelipima mwanzoni.

Kuna mahali pamoja tu ambapo hesabu hii haifanyi kazi, nako ni kwenye sukari ya kuunguza, ile ya rangi ya dhahabu. Pale maji yameshaisha karibu yote, na kinachotokea ni sukari yenyewe kubadilika kwa joto. Hilo halijali mlima wala bahari. Rangi ya kahawia iliyoiva inakuja karibu na 170, Mbeya na Tanga pia. Pale angalia rangi na unuse.

Sasa kusoma kwenyewe, maana wengi mnakosea hapa hata kabla ya kufika kwenye mambo ya mlima. Kipimajoto cha kioo kisiguse chini ya sufuria, kwa sababu chini kuna joto kuliko shira yenyewe. Ncha yake izame yote ndani ya shira, isiishie kwenye mapovu. Inama mpaka jicho lako liwe sawa na mstari. Ukisimama ukatazama kutoka juu, utaona namba tofauti na iliyopo, na kwenye kashata laini kosa la digrii mbili linaonekana sahanini. Futa mvuke kwenye kioo kabla ya kusoma. Kama chako ni cha saa ya mviringo chenye mshale, jua kwamba hakipimi kwenye ncha peke yake, kinapima sentimita kadhaa za mpini wake. Kilo moja ya sukari kwenye sufuria pana inakuwa na kina kifupi mno, nusu ya sehemu inayopima iko hewani, nacho kitasoma chini ya ukweli. Tumia sufuria nyembamba yenye kina.

Na usiondoke jikoni mwishoni. Mwanzoni namba inakaa pale pale kwa muda mrefu mpaka unaona imekwama, kwa sababu bado maji ni mengi. Yakipungua inaanza kukimbia. Mimi naepua digrii moja kabla, maana sufuria nzito inaendelea kupika hata nje ya moto.

Tangu Tanga nimeongeza na mizani, ile ya kidijitali ya jikoni. Napima sufuria tupu kabla, pamoja na ubao wa kuiwekea. Kilo moja ya sukari ikifika kidonge laini, ukitoa uzito wa sufuria na ubao, shira inabaki na uzito wa kama kilo 1.18. Ikiwa 1.25, maji bado yamo, irudi motoni. Ikishuka mpaka 1.1, imeshapita. Uzito huo ni ule ule Tanga na Mbeya. Nikiwa na oda kubwa naepua sufuria ya kwanza, naiweka mizanini haraka, na zinazofuata nakuwa na uhakika nazo.

Plasta nimeibandua. Alama ya gundi bado ipo kwenye mpini, sijaisugua.

Dada wa Njombe, usininunulishe kingine, na mwache muuzaji na hela yake. Maji yako yanachemka kwenye 93 kwa sababu uko Njombe. Kwa kashata zako laini anza kutazama kwenye 105, epua kwenye 108, kwa sababu sufuria itaimalizia ile moja iliyobaki. Weka bakuli la maji baridi pembeni kama alivyofanya mama yangu, udondoshe. Kidonge kikitawanyika kati ya vidole, irudishe motoni kwa digrii moja tu, kisha udondoshe tena.