Tasnifu ya parachichi ilivyogeuka wasifu wa kurasa mbili

Nilipomaliza uzamivu, wasifu wangu ulikuwa na kurasa saba. Mstari wa kwanza ulitaja tasnifu: athari ya mwinuko katika ukomavu wa parachichi aina ya Hass wilayani Rungwe. Niliupeleka kwenye kiwanda kimoja cha kufungashia matunda. Meneja wa ubora, mama mmoja mtulivu, aliusoma wote kisha akaniuliza, "Dokta, kesho lori likisimama hapo getini, utanifanyia nini?"

Jibu nilikuwa nalo, ila kwenye karatasi halikuwamo.

Parachichi haliivi mtini, na Hass bado ni ya kijani hata ikishakomaa, kwa hiyo macho hayatoshi. Unakata nyama bila ganda wala kokwa, unaipima, unaikausha mpaka uzito usishuke tena, unapima upya. Gramu 50 zikibaki 11.5, hiyo ni asilimia 23, kiwango ambacho wanunuzi wengi wa Hass wanakitaka au wanakikaribia. Tunda likivunwa changa mno hunyauka na kuwa kama mpira badala ya kulainika. Kazi hiyo niliifanya misimu miwili, lakini kwenye wasifu niliiita "uchambuzi wa uhusiano kati ya mwinuko na ukomavu".

Nikaanza upya. Kila sura ya tasnifu niliiuliza swali moja: nani angebadilisha uamuzi gani kwa sababu yake? Sura ya tatu ikawa hivi: "Nilisimamia upimaji wa ukomavu kwenye mashamba 24 kwa misimu miwili, pamoja na vijana wanne niliowafundisha. Mashamba ya chini yalikomaa mapema kuliko ya juu, na kikundi kimoja cha wakulima kiliacha kuvuna mashamba yote kwa tarehe moja."

Nilitamani sana kuongeza kwamba nilipunguza hasara kwa asilimia fulani. Sikuwahi kupima hasara, nikaacha. Msaili akiuliza ulihesabuje nawe huna hesabu, hata yale ya kweli hatayaamini. Sura ya takwimu haikuwa na mtu aliyeitumia, basi niliandika ninachoweza kufanya: programu ya R inayosoma vipimo vya wiki na kuonyesha shamba ambalo halijafikia kiwango. Machapisho nikayapa mstari mmoja mwishoni.

Kabla ya kutuma, nilimsomea kaka yangu anayeuza mbolea Tukuyu. Ule wa kwanza alisema, "Umesoma sana." Huu akasema, "Kumbe unajua shamba lipi livunwe lini." Hapo nikautuma.

Usaili haukugusa tasnifu kabisa. Waliuliza ningechukua matunda kutoka sehemu zipi za lori, na majibu yangepatikana lini wakati dereva anasubiri. Nikawaeleza kwamba oveni ingetuchelewesha mno, lakini kwa maikrowevu, ukikata vipande vyembamba na kupima mara kwa mara visiungue, saa moja hivi inatosha.