Viazi vya lumbesa na kicheko kinachochelewa

Kaka, katuni yangu ina jamaa anateleza kwenye tope na kubamiza mgongo. Nimeichora vizuri kabisa, lakini niliowaonyesha walinyamaza tu. Tatizo nini? (Msomaji, Tukuyu)

Nadhani umewaonyesha anguko bila kuwaonyesha tope. Shoti ya kwanza jamaa anatembea, ya pili miguu iko juu. Hapo mtazamaji na jamaa wamepata habari wakati mmoja, na mtu akipata habari ghafla hushtuka. Ili acheke, lazima awe amejua mapema kuliko yule anayeanguka, akae na siri hiyo kidogo, aanze kujiambia "huyu leo anakwenda."

Rudi nyuma. Anza na njia tupu, shoti pana, tope liko katikati na linang'aa. Apite kuku, mguu umponyoke kidogo, apige mbawa na kuondoka. Sasa bila neno hata moja tumejua kwamba hapa panateleza. Ndipo jamaa aingie kutoka upande wa pili akiwa ameinamia simu. Huo ndio mtego, na umeshategwa.

Halafu kuna ujanja mmoja wa ziada. Kila mtu sasa anasubiri ateleze, kwa hiyo mwache alione tope. Arudi hatua mbili, aruke kwa maringo, atue salama upande wa pili, ageuke kulitazama tope kwa dharau, kisha arudi nyuma hatua moja na kujigonga kwenye mgomba. Ndizi zimwangukie. Lakini mgomba huo uwe umeonekana tangu shoti ya kwanza, la sivyo umetudanganya.

Nisubirishe fremu ngapi kabla mhusika hajaanguka? Nachora kwa fremu 24 kwa sekunde. (Msomaji, Mafinga)

Hakuna namba moja, ila kuna za kuanzia. Jicho linahitaji kama fremu 8 za utulivu kusoma mkao mpya wa mwili. Kama mhusika anagundua jambo, mpe kati ya 12 na 20, yaani nusu sekunde na zaidi kidogo. Anguko lenyewe liwe fupi, fremu 4 hadi 6. Mtu akianguka kweli kutoka urefu wa mita moja hutumia karibu fremu 11, na ukiiga hivyo katuni inakuwa nzito kama gunia lililolowa.

Wengi wanaoanza hukosea kwa kugawa muda sawasawa: kusubiri fremu 10, kuanguka 10, kulala chini 10. Mwendo wa namna hiyo ni wa saa ya ukutani. Vichekesho vinataka polepole, polepole, kimya, halafu *pu!* Kadiri kusubiri kulivyo kurefu, ndivyo tukio linavyotakiwa kuwa fupi. Baada ya tukio, usikimbilie shoti nyingine. Acha fremu 16 hivi ambamo hakuna kinachosogea ila kitu kimoja kidogo, labda kofia inayozunguka chini. Watu huchekea hapo. Ukikata mapema unakikata kicheko chenyewe.

Kama unachora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kama wengi tunavyofanya kuokoa mkono, anguko la fremu 6 ni michoro mitatu tu. Inatosha kabisa.

Nimerudia kioja changu mara tano na kila mara nakiongeza ukubwa, lakini mara ya nne watu wanaanza kuangalia simu. Nifanyeje? (Msomaji, Iringa)

Hili nimeliumia mwenyewe, kwa hiyo nitakaa nalo.

Nilitengeneza katuni ya dakika moja na nusu. Mzee anasukuma mkokoteni wenye gunia la viazi kupanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini. Gunia ni lumbesa ya kwelikweli, kilemba cha juu kimeshonwa kwa kamba mpaka kinakaribia kuwa gunia la pili. Mzee amevaa koti zito, kofia na viatu, maana ni asubuhi ya Juni na baridi inauma. Chini ya mlima, kando ya barabara, kuna bibi mwenye sufuria ya maji matupu yanayochemka. Anamwomba kiazi kimoja. Mzee anamtikisia kidole: hapana.

Anaanza kupanda. Kiazi kinachomoka. Anakidaka, anakirudisha, kingine kinatokea upande wa pili na kubingirika mpaka ndani ya sufuria. Anaziba tundu kwa kofia. Vinatoka viwili. Anaziba kwa kiatu. Vinatoka vinne. Kiatu cha pili, vinane. Koti, kumi na sita.

Nilipoionyesha kwenye kibanda umiza kimoja Mbeya, walicheka kofia, wakacheka kiatu cha kwanza, na kufikia koti nilisikia mtu anauliza mpira unaanza saa ngapi. Nilikuwa nimezidisha viazi nikidhani nakoleza. Idadi peke yake haikolezi, kwa sababu mtazamaji akishaijua kanuni anamaliza hesabu kichwani kabla yako.

Niliporudi mezani nilibakiza hatua tatu, na kila hatua nikaipa kazi yake. Ya kwanza, kofia, inafundisha kanuni: ukiziba hapa, panafunguka pale. Ya pili, viatu vyote viwili kwa mpigo, inathibitisha kanuni, ila sasa anaumia, anakanyaga kokoto za baridi akirukaruka. Ya tatu, koti, inavunja kanuni: hakuna kiazi kinachotoka. Gunia limetulia. Mzee yuko na singlendi, anatetemeka, ameshinda.

Kilichokua kutoka hatua hadi hatua ni gharama. Viazi vinapungua, na mzee naye anapungua nguo. Kwa kuwa baridi ilishategwa tangu mwanzo na koti lile, sasa ninacho kitu kipya cha kutumia bila kukileta kutoka mbinguni: chafya.

Anavuta pumzi, fremu 12. Anavuta tena, 12. Ya tatu ni ndefu, 20, kichwa kimeenda nyuma kabisa. Anabaki hapo sekunde nzima, fremu 24, kidole chini ya pua. Chafya inapita. Anashusha mabega taratibu kwa fremu 16, anatabasamu. Fremu 10 za kimya kitupu. Halafu gunia ndilo linalopasuka, kwa fremu 3.

Watu walikuwa wameelekeza masikio kwa mzee, mlipuko ukatoka kwa gunia. Wakati huo kibanda kilicheka, na aliyecheka zaidi ni yuleyule wa mpira.

Kwa hiyo mdogo wangu, andika kioja chako kwenye karatasi, mstari mmoja kwa kila marudio, na kando yake andika mhusika amepoteza nini kipya. Mstari usio na jibu ufute.

Mwisho wangu kila kitu kinalipuka na watu wanasema "sawa." Mwisho mzuri unatoka wapi? (Msomaji, Njombe)

Dada, unatoka kwenye sekunde 20 za mwanzo. Katika katuni yangu kupasuka kwa gunia si mwisho, ingawa ndicho kishindo kikubwa kuliko vyote. Viazi vyote vinashuka mlima. Mzee anavifuata, miguu peku, na kumkuta bibi amekaa kwenye kilima cha viazi, sufuria imejaa. Mzee ana njaa. Ananyoosha kidole kimoja: kiazi kimoja tu. Bibi anamtikisia kidole, vilevile alivyotikisiwa yeye.

Hakuna mchoro mgumu hapo, ni mkono tu. Lakini unafyatua mtego tuliotegewa tangu mwanzo na tukausahau.

Kusahau huko nako kuna kipimo. Kwenye toleo la kwanza nilimwonyesha bibi mwanzoni, kisha sikumgusa zaidi ya dakika nzima. Alipotokea tena, mtoto mmoja aliuliza "huyo nani?" Mtego ulikuwa umeoza. Nikamrudisha mara moja tu katikati, mdogo kwa mbali chini ya mlima, akifungua mfuniko kiazi cha kwanza kitumbukie. Ukikumbusha mara tatu watu wanajua mwisho. Mara moja ilitosha kwa dakika moja na nusu.

Na hakikisha ishara inayorudi imechorwa kwa mkao uleule. Nilitumia pembe ileile ya kamera na fremu zilezile za kutikisa kidole. Nilipojaribu pembe nyingine ili iwe "nzuri zaidi," wachache sana waliiunganisha.

Nikate shoti nyingi za karibu ili uso uonekane? (Msomaji, Mbeya)

Uso unaonyesha anachohisi, lakini kichekesho cha mwili kinataka mwili mzima na kile kinachokuja kuupiga, vyote ndani ya picha moja. Buster Keaton mwaka 1928 aliangukiwa na ukuta mzima wa nyumba akasalimika kwa kuwa alisimama panapoangukia tundu la dirisha. Tunamwona yeye, ukuta na dirisha kwa pamoja, bila kukatwa. Kingekatwa vipande, tungedhani ni ujanja wa mkasi. Weka shoti ya karibu baada ya pigo, kwa ajili ya yale macho mawili.

Jaribio la haraka: paka mhusika wako weusi mtupu kwenye fremu muhimu. Kama kwa kivuli tu huwezi kujua anaziba tundu au anakumbatia gunia, mchoro bado. Hili ni muhimu zaidi sasa, maana wengi watakutazama kwenye simu ndani ya daladala ya Uyole.

Sauti naiweka lini? (Msomaji, Makambako)

Mwisho. Panga kwanza michoro ya storibodi kwenye video ikiwa na muda wake, bila sauti, umwonyeshe mtu ambaye hujamsimulia. Kaa pembeni, usiangalie skrini, mwangalie yeye, uandike sekunde aliyocheka. Akicheka kabla ya pigo, kusubiri kwako kumezidi. Akicheka shoti inayofuata ikiwa imeshaanza, hukumwachia nafasi. Asipocheka kabisa, usitafute mlio wa sufuria wa kumwokoa.

Sauti ya pigo ikae kwenye fremu ya mguso au moja kabla yake. Ikichelewa fremu 3, jicho na sikio vinagombana. Ila kile kiazi cha kwanza kinachobingirika nje ya picha, hapo nilichelewesha *tumbu!* kwa sekunde mbili nzima, mzee akiwa ameshageuka kuendelea na safari yake.