Mzigo pungufu, katoni zimelowa: jinsi ya kuandika barua ya kudai krediti noti

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji mwenye duka la jumla Iringa. Aliagiza Dar es Salaam katoni 200 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Zilifika 194, na kati ya hizo 11 zilikuwa zimelowa na kubonyea. Alimwandikia msambazaji barua ya kurasa mbili kueleza hasara, usumbufu na wateja walioondoka bila mzigo, akajibiwa kwa sentensi moja: dilivari noti imesainiwa na kugongwa muhuri, kwa hiyo mzigo ulipokelewa kamili.

Barua yenyewe ameniambatishia. Ina uchungu wa haki kabisa, lakini haitaji namba ya invoisi, haisemi ni chupa ngapi zimevuja, wala haina kiasi anachodai. Mhasibu wa msambazaji, hata kama angekuwa ndugu yake wa tumbo moja, asingekuwa na cha kuingiza kwenye vitabu. Huyo mhasibu ndiye unayemwandikia. Meneja mauzo atakupa pole kwa simu, ila anayetoa krediti noti, yaani hati ya kupunguza deni la invoisi, ni mtu asiyekujua, aliyekaa na invoisi yako mezani, anayetafuta mstari mmoja unaoonyesha bidhaa, idadi, bei na ushahidi.

Tuanze na ile saini, maana ndiyo iliyomwangusha. Mtunza stoo wake alihesabu mzigo ukiwa bado ndani ya gari: mbele katoni kadhaa, kwenda juu matabaka kadhaa, akazidisha, akapata 200. Hesabu ya namna hiyo inaona kuta za nje tu. Katikati ya rundo panaweza kuwa na shimo la katoni tano au sita na usilione mpaka ushushe. Njia salama ni kushusha kwanza, kupanga chini kwa mafungu ya kumi kumi, na kila fungu likikamilika kulipigia mstari kwenye karatasi huku dereva au utingo akiwa amesimama hapo. Ndipo saini ifuate, nayo iambatane na maneno: "Zimepokelewa katoni 194. Pungufu 6. Katoni 11 zimelowa, zimefunguliwa mbele ya dereva, chupa 61 zimevuja." Maneno hayo yaandikwe kwenye nakala zote, pamoja na jina la dereva, saini yake na namba ya gari. Usitosheke na "mzigo haujakaguliwa". Hayo yanasema tu kwamba hukutazama.

Kama dereva ameshaondoka na nakala safi, usithubutu kuongeza maneno kwenye nakala iliyobaki kwako. Nakala mbili za hati moja zikisomeka tofauti, utaonekana umeghushi, na dai la kweli litakufa pamoja na hilo. Andika ukweli kama ulivyo: saini ilitangulia hesabu. Msomaji wetu bahati yake ni kwamba alipiga simu jioni ileile na kutuma picha kwa WhatsApp kabla stoo haijafungwa. Kumbukumbu hizo zina saa na tarehe.

Sasa katoni zilizolowa. Usidai katoni 11 nzima kwa kuwa tu zinasikitisha kuzitazama. Zifungue, uhesabu chupa. Katoni moja ina chupa 24, kwa hiyo 11 zina chupa 264. Alipozipanga upya aliona 61 zimevuja au zimepasuka shingoni, 38 ni nzima ila lebo zimelowa na kuchanika, na 165 hazina kasoro yoyote ukizifuta. Makundi hayo matatu yasichanganywe. La kwanza ni hasara kamili. La pili linauzika kwa bei ya chini. La tatu ni mali yako, na ukilidai utampa msambazaji sababu ya kutilia shaka hesabu yako yote.

Tazama pia maji yametoka wapi, maana chanzo ndicho kinachoonyesha nani anabeba hasara. Katoni iliyolowa kutoka juu, isiyonuka sabuni, imenyeshewa: turubai lilikuwa na tundu au halikufungwa vizuri. Iliyolowa kutoka ndani, inayoteleza mkononi, chupa zake zimeminywa. Zikiwa ni za tabaka la chini kabisa, mzigo ulirundikwa juu kupita uwezo wa katoni. Zikiwa na mkunjo mmoja ulionyooka ukingoni, hapo ni kamba iliyokazwa bila kuwekewa kibao. Na gari linalopanda mlima Kitonga kuja Iringa mzigo huegemea nyuma, hivyo katoni za mlangoni ndizo huminywa kama hazikufungiwa. Zake zilikuwa za tabaka la chini, zimelowa kutoka ndani. Hilo ni kosa la upakiaji. Picha iliyomsaidia zaidi ilionyesha katoni ikiwa bado chini ya rundo, na lebo yenye namba ya bechi ikisomeka. Katoni hiyohiyo ikipigwa picha peke yake sakafuni haimwambii mtu iliminywa na nini.

Barua niliyomwandikia upya ni hii. Namba za nyaraka ni za mfano, hesabu ni zake.

Mhasibu Mkuu,
Nakala: Meneja Mauzo.

YAH: KUOMBA KREDITI NOTI, INVOISI NA. 0482, KATONI 6 PUNGUFU NA CHUPA 61 ZILIZOVUJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 12 tulipokea mzigo wa invoisi tajwa, dilivari noti na. 1175, sabuni ya maji mililita 500, katoni 200 zenye chupa 24 kila moja. Bei ni shilingi 48,000 kwa katoni kabla ya VAT.

Kwanza, upungufu. Zilizofika ni katoni 194. Dilivari noti ilisainiwa kabla hesabu ya chini haijakamilika. Upungufu uligundulika wakati wa kupanga, nasi tukawapigia simu siku hiyohiyo saa 11 jioni. Tunaomba mhesabu akiba ya bidhaa hii kwenye stoo yenu na kuilinganisha na kitabu cha kutolea mzigo cha siku ya kupakia. Thamani ya katoni 6 ni shilingi 288,000, VAT 51,840, jumla 339,840.

Pili, uharibifu. Katoni 11 za tabaka la chini zilikuwa zimeminywa, na ndani yake chupa 61 zimevuja. Kwa shilingi 2,000 kila chupa ni shilingi 122,000, VAT 21,960, jumla 143,960. Chupa hizo tumezitenga kwa ukaguzi wenu hadi tarehe 21.

Tatu, chupa 38 ni nzima ila lebo zimeharibika. Chagueni kuzichukua na kutupa krediti kamili, au kutupunguzia nusu ya bei.

Tunaomba krediti noti ya shilingi 483,800 kwa madai mawili ya kwanza. Kiasi kisichobishaniwa, shilingi 10,844,200, tutakilipa tarehe ya makubaliano.

Viambatisho: nakala ya invoisi, dilivari noti, karatasi ya hesabu yenye saini za waliohesabu, picha sita.

Basi, imekwisha hapo. Hayo madai matatu yametenganishwa kwa makusudi. Upungufu unachunguzwa na mtunza stoo wao, uharibifu unamhusu aliyepakia na aliyesafirisha. Ukiyafunga kwenye jumla moja, ubishi wa moja utayachelewesha yote. Na ombi la kuhesabu stoo ndilo lenye nguvu kuliko malalamiko yote, kwa sababu katoni 6 ambazo hazikupakiwa lazima ziwe zimezidi kwenye stoo yao, isipokuwa kama zimetoka kwa njia nyingine. Usihangaike kutafuta karatasi ya mizani ya barabarani. Katoni 6 za namna hii zina uzito wa kilo 75 hivi, na kwenye gari la mizigo hazionekani.

Ile sentensi ya malipo isiachwe. Wengi hukasirika wakazuia invoisi nzima ya shilingi 11,328,000. Hapo msambazaji anageuka mdai, wewe unakuwa mdaiwa sugu, na katoni 6 zinasahaulika. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214 kwa Tanzania na Sura 31 kwa Kenya, inampa mnunuzi aliyeletewa pungufu haki ya kuukataa mzigo, lakini akiupokea anaulipia uliofika kwa bei waliyopatana. Akikaa nao muda wa kutosha bila kusema neno, anahesabiwa kuwa ameukubali. Kwa hiyo soma masharti yaliyochapwa chini au nyuma ya invoisi. Kuna wanaotaka taarifa ndani ya saa 24, na ujumbe wa WhatsApp unaofuatwa na barua ni bora kuliko barua nzuri ya wiki ijayo.

Kabla ya kutuma, jiulize gari lilikuwa la nani. Kama msambazaji ndiye aliyelikodi, unamdai yeye. Kama ulilikodi wewe, kwa kawaida kumkabidhi msafirishaji wako ni sawa na kukukabidhi wewe, na hasara ya uharibifu wa njiani utaidai kwa msafirishaji kwa barua nyingine. Upungufu wa kupakia unabaki kwa msambazaji, ila utahitaji dereva wako awe alihesabu pale stoo.

Msambazaji anaweza kukuambia, "Usijali, tutakuongezea kwenye mzigo ujao." Ni maneno mazuri, lakini omba krediti noti. Risiti ya EFD iliyotoka inasomeka shilingi 11,328,000, nayo haifutwi kwa simu. Bila krediti noti yeye anabaki amebeba VAT ya mzigo ambao hukuupata, na hilo umwambie, kwa sababu ni faida yake pia. Wewe nawe, kama umesajiliwa VAT, ukishaipokea punguza shilingi 73,800 kwenye kodi ya manunuzi unayodai. Katoni za kuongezewa zinazosafiri bila karatasi zitakuletea maswali njiani.

Krediti noti ikifika, soma vitu viwili: iwe imetaja invoisi 0482, na idadi iwe katoni 6 na chupa 61. Iliyoandikwa "punguzo" tu huweza kuhesabiwa baadaye kama zawadi ya mauzo ya mwaka, na dai lako likabaki halijalipwa. Mwisho wa mwezi omba taarifa ya hesabu yako kwao, uone shilingi 483,800 zimeondolewa. Zile chupa 61 usizimwage hadi wakague au wakupe ruhusa kwa maandishi.