Mgeni Huyu Katokea Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Linki za Kwenye Maelezo

Linki ya tovuti yangu ipo chini ya video zangu YouTube, ipo Facebook, na naituma WhatsApp. Google Analytics inaniambia karibu wote ni "direct". Hao ni akina nani?

Ni watu waliofika bila kutaja walikotoka. Wachache kati yao waliandika anwani yako kwa mkono, lakini wengine wengi walibofya linki zako hizo hizo.

Mtu akibofya linki iliyo kwenye ukurasa wa wavuti, kivinjari chake huiambia tovuti yako ametokea ukurasa gani. Akibofya ndani ya programu ya simu, mara nyingi taarifa hiyo haifiki. Ujumbe wa WhatsApp hauna ukurasa wa wavuti wa kutajwa, na anayetazama YouTube kwenye programu ya simu naye huweza kuingia kimyakimya. Wote hao hutupwa kapu moja, ambalo kwenye ripoti linaandikwa `(direct) / (none)`. Kwa wasomaji kama wetu, ambao simu ndiyo kompyuta yao, kapu hilo hujaa haraka.

Alama za UTM zinalipunguza kwa njia nyepesi: jina la mahali ulipoiweka linki linaandikwa ndani ya linki yenyewe. Mgeni anapoingia, anwani aliyoibofya ndiyo inayotoa habari, hata kama kivinjari kimenyamaza. Herufi hizo zimetoka Urchin, kampuni ya takwimu za tovuti ambayo Google iliinunua mwaka 2005. Siku hizi hata programu nyingine za kuhesabu wageni, kama Matomo na Plausible, zinazisoma.

Niandike nini hasa? Nina video ya chakula cha vifaranga na ukurasa wenye jedwali la mchanganyiko.

Alama tatu zinatosha, na ya nne ni ya ziada. `utm_source` ni jina la mtandao. `utm_medium` ni aina ya njia. `utm_campaign` ni jina la kazi unayoitangaza, na hili liwe lile lile kila mahali. `utm_content` inatofautisha linki mbili zilizo kwenye mtandao mmoja, kwa mfano ile ya kwenye maelezo ya video na ile uliyoibandika juu ya maoni. Tukichukua `example.com` kuwa tovuti yako, linki ya YouTube itakuwa hivi:

```
https://example.com/vifaranga?utm_source=youtube&utm_medium=video&utm_campaign=vifaranga&utm_content=maelezo
```

Na ya WhatsApp hivi:

```
https://example.com/vifaranga?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=vifaranga
```

Ya Facebook ni kama hii ya pili, ila chanzo unakibadilisha kuwa `facebook`. Baada ya anwani ya ukurasa inakuja alama ya kuuliza moja tu, kisha kila alama inaungwa na nyingine kwa `&`. Pasiwe na nafasi popote. Ukihitaji maneno mawili, yaunge kwa kistari.

Kwenye neno la njia nawasihi mjizuie kubuni. Google Analytics ina orodha yake ya maneno inayoyatambua, na `social` na `video` yamo. Ukiandika `kundi` au `jamii`, mgeni atahesabiwa lakini anaweza kupangwa kwenye fungu liitwalo `Unassigned`, nawe utadhani kuna hitilafu.

Matokeo utayaona `Reports`, kisha `Acquisition`, kisha `Traffic acquisition`. Jedwali litafunguka likiwa limepangwa kwa makundi makubwa. Badilisha safu ya kwanza iwe `Session source / medium`, hapo ndipo majina uliyoyaandika mwenyewe yatajitokeza.

Nimeanza kutumia alama hizi, lakini YouTube inatokea mara tatu kwenye ripoti: YouTube, youtube na yt. Nizijumlishe vipi?

Kwa zilizopita, pakua jedwali ujumlishe kwa mkono, kwa sababu ripoti iliyokwisha kuandikwa hairekebishiki. Programu inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo kwake hayo ni majina matatu ya mitandao mitatu.

Nilipata tabu hii hii nilipokuwa nasaidiana na mwenzangu kusimamia tovuti moja. Mimi niliandika `facebook`, yeye akaandika `FB`, na kwa miezi miwili tuliamini Facebook inashika mkia. Tulipojumlisha ilikuwa ya pili. Tangu hapo tuna karatasi moja ya hesabu mtandaoni yenye majina yanayoruhusiwa, yote kwa herufi ndogo, na hakuna anayeandika linki kwa kichwa. Anakopi safu, anabadilisha jina la kazi, basi.

Nimeweka linki yenye alama, ikibofywa ukurasa unafunguka vizuri, lakini kwenye ripoti hakuna kitu. Kosa liko wapi?

Ifungue kwa simu yako, kutoka kwenye mtandao wenyewe, ukitazama sehemu ya anwani. Ukurasa ukimaliza kufunguka, `utm_source` bado ipo?

Ikiwa imepotea, tovuti yako inamhamisha mgeni njiani na kudondosha alama. Mara nyingi ni ile hamisho ya kutoka `http` kwenda `https`, au kutoka anwani yenye `www` kwenda isiyo nayo. Dawa ya haraka ni kuandika linki kwa umbo la mwisho kabisa la anwani yako, ili pasiwe na kuhamishwa.

Ikiwa bado ipo, chunguza mambo mawili. La kwanza ni alama ya reli. Kama linki yako inampeleka mtu kwenye sehemu fulani ya ukurasa, mfano `#jedwali`, alama za UTM lazima zitangulie mbele yake:

```
https://example.com/vifaranga?utm_source=youtube&utm_medium=video#jedwali
```

Zikija nyuma ya `#`, huenda zisihesabiwe kuwa alama. La pili ni alama ya kuuliza mara mbili. Anwani kama `example.com/?p=12` tayari inayo, kwa hiyo unaendelea kwa `&utm_source=...` na siyo kwa `?` nyingine.

Kama vyote viko sawa, fungua `Realtime`, ambayo inaonyesha wageni wa dakika 30 zilizopita. Ukijiona pale, linki ni nzima na umewahi tu: ripoti za kawaida huweza kuchukua saa 24 hadi 48 kukamilika.

TikTok ndiko nina wafuasi wengi kuliko kote, na linki nimeiweka kwenye maelezo ya kila video. Wageni sifuri. Inawezekana?

Inawezekana, na wala haina maana kwamba wafuasi wako hawakujali. Linki iliyo kwenye maelezo ya video ya TikTok haibofyeki, ni maandishi tu. Instagram nayo ni hivyo hivyo chini ya picha. YouTube iliondoa uwezo wa kubofya linki kwenye maelezo ya Shorts tarehe 31 Agosti 2023, ingawa kwenye video ndefu bado zinabofyeka.

Anayetaka kukufikia itabidi aandike anwani kwa mkono, na hakuna atakayeandika `utm_source`. Ataiandika fupi, ataingia kwenye kapu la "direct". Kwa hiyo sifuri yako inapima mahali ulipoiweka linki, haipimi hadhira yako. Iweke kwenye wasifu wa akaunti yako, kama TikTok imekufungulia nafasi ya linki hapo, ikiwa na `utm_source=tiktok`. Ndani ya video taja anwani fupi inayotamkika, kama `example.com/tt`, ambayo tovuti yako itaihamishia kwenye linki ndefu yenye alama zote. Hapo hata aliyeandika kwa mkono atahesabiwa kuwa wa TikTok.

Linki ndefu namna hiyo inawatisha watu wa makundi ya WhatsApp, wanadhani ni utapeli. Nitumie vifupishi?

Wana haki ya kuogopa, na kifupishi kisichojulikana kitawaogopesha zaidi kwa sababu kinaficha jina lako. Fupisha kwa anwani yako mwenyewe, kama nilivyosema kwa TikTok: `example.com/wa` imhamishe mtu hadi kwenye linki kamili. Tumia hamisho ya muda, ile ya namba 302. Ile ya kudumu, 301, vivinjari huikumbuka, na siku ukibadilisha linki kuna watu wataendelea kupelekwa kule kwa zamani.

Kuna sababu nyingine. Huduma ya kufupisha ikifungwa, linki zilizo chini ya video zako zote za zamani zinakufa nayo. Google yenyewe ilisimamisha kutengeneza linki mpya za `goo.gl` mwaka 2019.

Baada ya siku 28: YouTube 420, WhatsApp 160, Facebook 95, na "direct" imeshuka kutoka 510 hadi 230. Niseme YouTube imeshinda?

Ndiyo, na unaweza kuthibitisha kwa hesabu ndogo. Wale 230 hatujui walikotoka. Tuseme wote walitoka WhatsApp: 160 na 230 ni 390, bado haijaifikia 420. Nafasi ya kwanza ni ya YouTube hata kwa hesabu iliyo mbaya kabisa kwake. Nafasi ya pili ndiyo usiitangaze bado. Facebook ikipewa wale 230 inafika 325, zaidi ya mara mbili ya WhatsApp uliyoiona, kwa hiyo yeyote kati ya hizo mbili anaweza kuwa mbele.

Kumbuka pia kwamba safu ya `Sessions` inahesabu ziara na siyo vichwa. Mtu mmoja aliyerudi mara tatu kuangalia jedwali lako ni ziara tatu.

Kuna upotofu mmoja unaoipendelea YouTube. Mtu anaingia kutoka kwenye video, anapenda ukurasa, anakopi anwani iliyo juu ya kivinjari pamoja na alama zake, anaitupa kwenye kundi la wafugaji. Wote watakaobofya pale wataandikwa `youtube`. Utaligundua ukiona ziara za YouTube zimepanda ghafla siku ambayo watazamaji wa video hawajaongezeka. Weka kitufe cha kushiriki WhatsApp ndani ya ukurasa, chenye linki yake yenye `utm_source=whatsapp` na `utm_content=kitufe`. Si wote watakitumia, lakini watakaokitumia watahesabiwa mahali pao.

Kisha linganisha kwa kazi uliyofanya. Kama hizo 420 zimetoka kwenye video nne, na 160 zimetoka kwenye ujumbe mmoja ulioutuma Jumatatu, ningejaribu kwanza kutuma ujumbe wa pili kabla ya kurekodi video ya tano.